Viazi vya hamsini ni kilo ngapi? Uzi kuhusu fungu, gorogoro, ndoo na gunia

Wadau, kila msimu wa siasa kuna mjadala mmoja ambao hauishi. Upande wa serikali unasema bei ya chakula imeshuka. Upande wa pili unasema imepanda. Wafuasi wanaingia uwanjani na picha za soko: huyu ana picha ya gunia, yule ana picha ya fungu la viazi, mwingine ameleta risiti ya supamaketi. Halafu tunatukanana mpaka usiku wa manane na hakuna aliyejua bei ya viazi.

Leo naandika kutoka Isiolo mjini na sitataja chama wala mheshimiwa yeyote. Nataka tuangalie hesabu moja tu, ile ya kugeuza bei ya fungu, mkebe, ndoo na gunia iwe bei ya kilo. Nitatumia viazi, kwa sababu hapa kwetu viazi vinauzwa kwa vipimo hivyo vyote vinne katika soko moja, na vingi vinatoka jirani tu, upande wa Timau na Kibirichia kule Meru. Kwa hivyo barabara ni fupi, na ukiona bei zinatofautiana sana usikimbilie kulaumu mafuta ya lori peke yake.

Vifaa ni viwili. Cha kwanza ni mizani ndogo ya kuning'iniza, ile yenye ndoano na kioo cha namba, inayobeba hadi kilo 50. Cha pili ni kalkuleta ya simu. Na adabu ya soko: nunua kwanza, ndipo upime. Ukianza kupima mali ya mtu kabla ya kulipa, unamharibia biashara mbele ya wateja wake. Mimi nilimwambia muuzaji, "Mama, nikishalipa naomba nipime hili fungu." Akacheka, akanijibu, "Pima tu, kijana wangu, lakini usinitangaze." Ndiyo maana simtaji, wala sitaji kibanda chake.

Tuanze na fungu, maana ndilo wengi wetu tunanunua. Fungu la hamsini siku hiyo lilikuwa na viazi sita vya wastani. Nikayatia kwenye mfuko, nikatundika, nikatoa uzito wa mfuko mtupu, zikabaki gramu 720. Sasa hesabu yenyewe ni bei kugawanywa kwa uzito wa kilo. Gramu 720 ni kilo 0.72. Kwenye simu unabonyeza 50 ÷ 0.72, inakupa 69.4. Kwa hivyo fungu la hamsini ni viazi vya shilingi 69 kwa kilo. Ukichanganyikiwa na nukta, tumia njia hii nyingine: zidisha bei mara 1,000, kisha gawanya kwa gramu. 50 × 1,000 ÷ 720, jibu ni lile lile.

Fungu moja halitoshi, lakini. Muuzaji hupanga kwa macho, si kwa mizani. Kuna fungu lenye kiazi kimoja kikubwa juu na vidogo chini, na kuna fungu la mwisho wa siku lililoongezwa kimoja ili aende nyumbani. Nikachukua matatu kutoka kwa wauzaji watatu: la kwanza lilikuwa lile la gramu 720, la pili lilipungua kidogo, la tatu lilizidi kidogo. Wastani ukarudi pale pale kwenye 720, ndiyo maana nimeamua kuitumia namba hiyo. Mtu akikuletea bei ya kilo aliyoipata kwa fungu moja tu, mwulize alipima mangapi.

Kipimo cha pili ni mkebe. Wengine wanauita gorogoro, wengine kasuku, kulingana na ulivyozaliwa ukiuona. Ni ule mkebe uliokuwa na mafuta ya kupikia ya kilo 2. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, na wanasiasa wanakosea nao, kwa sababu kila mtu anajua kwamba "gorogoro ni kilo mbili". Kilo mbili za nini? Za mafuta! Ile namba ilihusu mafuta yaliyokuwemo, na mafuta hujaza mkebe bila kuacha nafasi. Viazi havijazi. Ukiweka viazi kwenye mkebe, katikati yake kuna hewa, na kadiri viazi vinavyokuwa vikubwa ndivyo mapengo yanavyokuwa makubwa.

Mkebe wa viazi ulikuwa shilingi 100, umejazwa mpaka ukawa na mlima juu. Uzito wake, bila mkebe, ulikuwa kilo 1.6. Basi 100 ÷ 1.6 ni shilingi 62.5 kwa kilo. Yule anayeamini mkebe ni kilo mbili atakwambia viazi ni hamsini kwa kilo, na ataapa. Tayari amepoteza shilingi 12 na nusu kwenye kila kilo, na bado hajatoka sokoni.

Kwa mahindi na maharagwe ni hivyo hivyo. Mkebe mzima wa aina hiyo hubeba lita 2 na kitu za maji. Mahindi makavu yakisawazishwa kwa kijiti juu ya mdomo wa mkebe yanakuja karibu kilo 1.7. Yakijazwa mlima yanakaribia kilo 2. Kwa hivyo swali la kwanza kwa mtu anayesema "gorogoro ya mahindi ni bei fulani" ni kama ilikuwa ya kukata au ya mlima. Chukua gorogoro ya shilingi 130. Ikiwa ni ya mlima yenye kilo 1.95, hiyo ni shilingi 67 kwa kilo. Ikiwa imekatwa na ina kilo 1.68, hiyo ni shilingi 77. Mkebe ni ule ule na bei ni ile ile, lakini kuna tofauti ya shilingi kumi kwa kila kilo, na hakuna aliyedanganya kuhusu bei.

Halafu kuna mikebe iliyobonyezwa. Mmeiona. Kitako kimesukumwa ndani, au ubavu umepigwa ukaingia, na mara nyingine chini kumewekwa karatasi. Namna ya kuujua ni maji, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pima mkebe mtupu, ujaze maji hadi ukingoni, pima tena. Ukitoa uzito wa mkebe, kilo zinazobaki ndizo lita zake. Ukilinganisha mkebe mzima na uliobonyezwa kwa njia hii, utaona tofauti bila ugomvi na mtu. Bila shaka huwezi kwenda kwa mama mboga na ndoo ya maji. Lakini mkebe wako wa nyumbani unaweza kuupima, kisha ukaenda nao sokoni ukawekewa humo.

Jambo moja kuhusu mahindi kabla sijarudi kwa viazi: mahindi mabichi ni mazito kwa sababu ya maji. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi hapo, sehemu ya kilo unayolipia ni maji ambayo yatakauka ghalani kwako. Kwa hivyo bei ya kilo ya mahindi ya mavuno mapya hailinganishwi moja kwa moja na ya mahindi makavu. Ukiyang'ata na jino linazama badala ya punje kupasuka, hayo bado.

Ndoo sasa. Ile ya lita 20 iliyokuwa ya rangi, inajazwa viazi mpaka juu. Ilikuwa shilingi 800. Mizani ilisoma kilo 16.1 pamoja na ndoo, na ndoo tupu ni kilo 0.9, kwa hivyo viazi ni kilo 15.2. 800 ÷ 15.2 ni shilingi 52.6. Msisahau kutoa uzito wa ndoo. Hapa ni kilo moja tu na inaonekana ndogo, lakini kwenye kipimo kidogo kama mkebe, chombo kikiachwa ndani ya hesabu kinapotosha jibu kabisa.

Tukija kwa gunia ndipo siasa yenyewe ilipo.

Kwa sheria, viazi havifai kufungashwa kwa zaidi ya kilo 50. Hilo limo kwenye kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mimea ya 2013. Sokoni, lakini, bado utakutana na lumbesa: gunia lililojaa, kisha juu likashonewa kipande cha gunia jingine au neti kwa kamba, likapanda kama kilemba. Lumbesa hupita kilo 100 bila shida. Na ubavuni mwa gunia kuna namba imeandikwa kubwa, 50 au 90, kwa sababu gunia lenyewe lilikuwa la sukari, mbolea au mahindi. Namba ile haina habari na viazi, kama vile kilo mbili ya mkebe haina habari na mahindi.

Nililopima liliuzwa shilingi 5,200, na tulichanga watu wanne kulinunua. Mizani yangu haiwezi kulibeba zima, kwa hivyo tulilimwaga na kulipima kwa ndoo: ndoo saba zilizojaa za kilo 15.2 kila moja, ambazo ni kilo 106.4, na ya nane haikujaa, ilikuwa na kilo 11.6. Jumla kilo 118. Basi 5,200 ÷ 118 ni shilingi 44 kwa kilo.

Sasa tazameni kinachotokea mtandaoni. Mtu anapiga picha ya gunia hilo, namba 50 inaonekana ubavuni, anaandika "viazi sasa 5,200 kwa gunia la kilo 50, yaani 104 kwa kilo, nchi imeisha!" Anayemjibu anachukua gunia kuwa la kilo 90, anapata shilingi 58, anamwita mwongo. Wa tatu aliyepima anapata 44. Wote watatu wametumia gunia moja na bei moja. Hakuna haja ya kuuliza nani analipwa na nani. Ulizeni gunia lina kilo ngapi, na nani alilipima.

Na lumbesa inauma zaidi upande wa mkulima. Mwanasiasa akisimama jukwaani aseme "mkulima wetu sasa anapata elfu tatu kwa gunia", watu wanapiga makofi. Kwa gunia la kilo 50, elfu tatu ni shilingi 60 kwa kilo. Kwa lumbesa ya kilo 120, elfu tatu ile ile ni shilingi 25. Dalali hahitaji kupunguza bei hata senti moja. Anaongeza tu kilemba. Ndiyo maana mzozo wa kilo 50 hauhusu mgongo wa kibarua anayebeba peke yake, ingawa mgongo huo nao ni mgongo. Unahusu bei ya mkulima kushushwa bila bei kutajwa.

Tukirudi kwa gunia letu, kilo 118 si zote za kuliwa. Chini kulikuwa na udongo, viazi vilivyokatwa na jembe, na vile vilivyopigwa jua vikawa kijani, ambavyo ni vichungu na havifai kuliwa. Tulitupa kilo 8. Zikabaki 110, na 5,200 ÷ 110 ni shilingi 47. Hiyo ndiyo namba ya haki ya kulinganisha na fungu, kwa sababu anayepanga fungu ameshachagua mabovu akayaweka kando. Mtu akilinganisha 44 ya gunia na 69 ya fungu, anamwonea mama mboga kwa shilingi tatu.

Kwa hivyo katika soko moja, siku moja, viazi ni shilingi 69 kwa fungu, 62 na nusu kwa mkebe, 52 na kitu kwa ndoo, na 47 kwa gunia lililochaguliwa. Anayenunua kwa hamsini analipa shilingi 22 zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye uwezo wa gunia. Familia inayopika kilo moja kwa siku inaacha sokoni kama shilingi 660 kwa mwezi, kwa sababu tu haina 5,200 kwa mkupuo.

Kuna watakaosema hapa kwamba basi mama mboga ni mnyonyaji. Wacha tufanye hesabu yake pia. Kilo 110 zikipangwa kwa gramu 720 zinatoa mafungu 152. Mara hamsini ni shilingi 7,600. Toa 5,200 za gunia, zinabaki 2,400. Hapo hajalipa aliyemletea gunia kibandani, hajalipa ushuru wa soko, hajatoa mafungu ya jioni yanayouzwa kwa bei ya kutupa, na hajahesabu siku alizokaa juani mpaka fungu la 152 liishe. Ile tofauti ya 22 kwa kilo inalipia kazi ya kugawanya, na wakati, na hasara. Unaweza kubishana kama ni nyingi au ni kidogo, lakini usibishane kama kwamba ni wizi.

Na gunia si jibu la kila mtu. Viazi vingi tunavyopata ni Shangi, na Shangi huanza kuchipua mapema sana baada ya kuvunwa. Ukiviweka kwenye nyumba ya mabati na joto la Isiolo, hutavimaliza vikiwa vizima. Sisi wanne tulitoa 1,300 kila mmoja na tukapata kilo 27 na nusu za kuliwa kila mmoja. Hiyo familia inaweza kuimaliza kabla haijachipua. Mtu mmoja na lumbesa nzima atatupa kilo nyingi mpaka bei yake ya kweli ipite ile ya ndoo.

Sasa jambo ambalo mimi naona ndilo kubwa kuliko yote kwenye mijadala. Fungu halipandi bei. Fungu linapungua. Sarafu na noti zetu zinapenda hamsini na mia, na wateja wanakuja na hamsini mkononi, kwa hivyo gunia likipanda muuzaji hawezi kuuza fungu kwa shilingi 62. Anatoa kiazi kimoja. Fungu lililokuwa na gramu 720 likiwa na gramu 580, bado ni la hamsini. Bonyeza 50 ÷ 0.58, unapata 86. Kutoka 69 hadi 86 ni kupanda kwa karibu asilimia 24. Na katikati ya hayo yote mtu anaweza kusimama akasema, bila kudanganya hata kidogo, "fungu la viazi lilikuwa hamsini na bado ni hamsini." Mama anayepika anajua kuna kitu kimebadilika, kwa sababu sufuria halijai, lakini akiulizwa bei anajibu hamsini. Anaonekana analalamika bure.

Inakwenda upande wa pili pia. Mavuno yakija, fungu linanenepa kabla bei haijashuka, na wapinzani wataendelea kusema "bado ni hamsini, hakuna nafuu". Mizani haina upande.

Ndiyo maana Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, linapotoa takwimu za bei za kila mwezi, viazi, nyanya na vitunguu huwekwa kwa kilo. Mtu wa hapa akiona "kilo ya viazi shilingi kadhaa" anacheka, maana hajawahi kununua kilo ya viazi maishani mwake. Lakini bei yake inaweza kulinganishwa na ile ikishapita kwenye mizani. Na ikitofautiana, bado si ushahidi wa uongo, kwa sababu ile ni wastani wa nchi nzima na hii ni ya kibanda kimoja Isiolo.

Hesabu hii haifai kila kitu. Sukuma wiki, kwa mfano, inauzwa kwa majani yaliyofungwa pamoja, na inapoteza maji jua linavyopanda. Fungu la asubuhi na la jioni ni majani yale yale yenye uzito tofauti, kwa hivyo ukipima, andika saa. Nyanya nazo mzipime, ila ziangalieni kama zimeiva sana. Kilo ya bei rahisi ya nyanya laini ni ya kupikwa leo leo.

Sasa nyinyi wa Garbatulla, Merti, Oldonyiro, na majirani wa Marsabit na Maua: pimeni mafungu matatu ya hamsini, toeni uzito wa mfuko, andikeni gramu, siku na saa hapa chini. Picha ya gunia bila mizani nitaipita.